Pikipiki Iliyonisaidia Kueleza Jua

Nilipokuwa darasa la saba nilikuwa naitwa Bubu. Jina lilianzia mstarini: nilipewa zamu ya kuzungumza kuhusu kunawa mikono, nikasimama mbele ya shule nzima, mdomo ukagoma. Kwa hiyo mwalimu wa sayansi aliponipa zamu nyingine, nieleze kwa nini jua ni nyota, nilijua ama jina linakufa siku hiyo ama namaliza nalo shule.

Nikajipanga. Rafiki yangu, aliyeshuka kila asubuhi kutoka milimani kwa pikipiki ya mjomba wake iliyopeleka ndizi sokoni, angeleta tochi mbili zinazofanana. Moja ningeishika mimi, nyingine angesimama nayo yeye mwisho wa uwanja. Ya karibu ionekane kubwa, ya mbali kadoa tu.

Siku ilipofika, wimbo wa taifa ukaisha, rafiki hajafika. Wingu lilikuwa limelalia mlima, uwanja ukawa na giza kama magharibi.

"Shikamooni walimu," nikasema. Sauti ilitoka, jamani! "Jua ni nyota. Ni mpira mkubwa sana wa gesi yenye joto kali. Katikati yake haidrojeni inabanwa mpaka inaungana na kuwa gesi nyingine iitwayo heli, ndipo mwanga na joto vinapotoka. Haliungui kama mkaa. Mwezi siyo nyota, wenyewe unaazima mwanga wa jua."

"We Bubu, nyota inakausha nguo?" akapiga kelele kijana mmoja wa darasa la sita. Shule nzima ikacheka.

Mkono ulitafuta tochi ambayo haipo. Nikatazama pembeni, na kule juu kwenye kona ya barabara ya mlimani nikaona kidoa cha mwanga.

"Geukeni. Ile ni nini?"

"Nyota!" wakajibu kwa dhihaka.

"Haya, subirini."

Kidoa kikapotea kwenye migomba, kikatokea tena, kimenenepa. Mara pikipiki hiyo getini, taa inawaka kweli kweli, darasa la kwanza wamefunika macho kwa viganja.

"Taa haijakua," nikasema. "Imesogea tu. Jua liko karibu, ndiyo maana linakausha nguo. Mwanga wake unatufikia kwa dakika kama nane. Wa nyota inayofuata kwa ukaribu unasafiri zaidi ya miaka minne. Tungekuwa huko, jua letu nalo lingekuwa kadoa."

Makofi yalipigwa mpaka mjomba akazima injini kwa mshangao.

"Na wewe, ulikuwa wapi?" mwalimu wa zamu akamuuliza rafiki yangu, fimbo mkononi.

"Pancha, mwalimu."

"Leo umechelewa vizuri. Pita."

Akaja mbio kunikabidhi tochi. Nikabonyeza. Haikuwaka.

"Aa, betri!" akashika kichwa. "Nimeziacha kwenye redio ya bibi."

Nilicheka. Tukiingia darasani, yule kijana wa darasa la sita akapita akinigonga bega.

"We Nyota," akasema, "hata kuhusu mwezi nitakuja kukuuliza."