Kodi Inayoita

Yusto, mpiga gitaa wa kwaya pale Matema, alikuwa akimtungia wimbo kaka yake Mika, ambaye ziwa lilimchukua wiki ya Pasaka na mpaka leo halijarudisha hata mwili. Kodi ya nyumbani, ile sauti ya nyuzi zilizopigwa pamoja ambako wimbo huanzia na kuishia, aliichagua bila taabu: A maina. Akaenda F, akapita D maina, kisha akakwama. Arudi nyumbani kwa E meja iliyochangamka, au kwa E maina yenye huzuni?

Akaipiga E meja, taratibu, mara tatu.

Jeni, mjane wa Mika, alikuwa akilainisha chungu kibichi barazani. Mkono wake ukasimama.

“Shemeji, hiyo ya mwisho ni ipi?”

“E meja. Ndiyo inayoita, mtu ajue wimbo unarudi.”

“Itoe. Kila ukiigusa nageukia njia ya ziwani kama punguani.”

“Bila hiyo wimbo unakufa, Jeni!”

“Basi ufe.”

Yusto akaishika tena E meja. Aliinua kidole kimoja tu, cha shahada, kutoka kwenye uzi wa tatu, na meja ikawa maina. Akarudi A maina. Ilifika, lakini hakuna aliyekuwa akiingoja.