Miaka Miwili Aliyoipunguza

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu tangu ujana wake alipinda mashuka ya hospitali, na pindo lake halikufumuka. "Neno lake ni kama uzi wake," watu walisema. Siku ile sifa hiyo ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mjukuu wake wa kike alikuwa na siku sita. Fomu ya usajili ilikuwa mezani, kando ya cherehani, ikingoja jina, na kesho asubuhi ilitakiwa irudishwe. Mkwe wake, karani wa ghala, alikaa na mtoto begani na kalamu mkononi. Hakuwa mtu wa kuokota jina njiani. Alikuwa na kijitabu cha namba alichoachiwa na shangazi yake, kilichochakaa hadi jalada likashonwa.

"Sogea uone, mama," alisema. "A ni moja, B mbili, hivyo hivyo mpaka I, tisa. J inaanza tena moja, na S moja tena. Unajumlisha herufi za jina, halafu unajumlisha tarakimu za jibu mpaka ibaki moja tu."

"Na wazazi?"

"Wazazi ni tarehe ya kuzaliwa. Mimi tarehe tatu, mwezi wa kumi, mwaka tisini na nane. Tatu, moja, sifuri, moja, tisa, tisa, nane: thelathini na moja. Tatu na moja, nne. Baba mtoto ni ishirini, mwezi wa kwanza, tisini na nne. Mbili, sifuri, moja, moja, tisa, tisa, nne: ishirini na sita. Mbili na sita, nane. Kijitabu kinasema mbili, nne na nane ni nyumba moja. Jina la mtoto nalo liangukie humo."

Mwana wa Mama Pindo, fundi wa kuchomelea, aliingia akifuta masizi usoni. "Mwiteni Pendo, tule."

"Saba, tano, tano, nne, sita. Ishirini na saba, yaani tisa. Hiyo ni nyumba ya jirani."

"Loo! Mtoto hajaota jino, keshapangiwa nyumba!"

Mkewe alicheka. "Wewe nyamaza. Walinitaka watatu, nikapiga hesabu, nane yako peke yake ndiyo iliyokaa na nne yangu. Ungekuwa namba nyingine ungenisikia redioni." Akainamia karatasi. "Tunu. Mbili, tatu, tano, tatu. Kumi na tatu. Nne! Tumepata."

Mama Pindo alihisi uso unamuwaka. Mwanawe hakuzaliwa tisini na nne. Alizaliwa tisini na mbili. Mguu ulimlaza miaka miwili, na alipopona alikuwa na miaka tisa, na shule ile haikupokea darasa la kwanza mtoto aliyezidi minane. Mama akaandika tarehe ya uongo kwa mkono wake, akijiambia atairekebisha. Hakuirekebisha. Kila siku ya kuzaliwa alimwombea kijana dua ya umri usio wake, na Mungu anasikia.

Kalamu iligusa fomu.

"Ngoja, mwanangu," alisema. "Hesabu yako ni sawa. Tarehe niliyokupa ndiyo mbovu."

Akasema yote, macho yakiwa kwenye pedali ya cherehani.  Mtoto akapiga chafya.

"Kwa hiyo," mwanawe alisema taratibu, "nina miaka miwili zaidi? Ndiyo maana magoti yanalia." Alijaribu kucheka. Kicheko hakikufika.

Mkwe hakumtazama mtu. Aliandika upya: mbili, sifuri, moja, moja, tisa, tisa, mbili. Ishirini na nne. Sita. Aliitazama sita ile kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyemkuta ameshavua viatu ndani.

"Nilikuchagua kwa nane," alimwambia mumewe.

"Na nimekaa nawe kwa sita. Nimekukosea?"

"Hujanikosea wewe."

Neno hilo lilimpata Mama Pindo palipostahili. 

Mkwe alifungua kijitabu tena. Wazazi wakiwa nyumba mbili, alieleza, hutafutwa namba inayopokelewa na zote. Nne haikuwa rafiki wa sita. Mbili ilikuwa ndugu wa nne, na sita huikaribisha. "Neema," akasema. "Tano, tano, tano, nne, moja. Ishirini. Mbili na sifuri, mbili."

Kisha akasukuma fomu na kalamu hadi kwa mama mkwe wake.

"Jina nitaandika mimi. Tarehe ya mtoto ya kuzaliwa andika wewe, mama."

Mama Pindo akashika kalamu. Aliuliza tarehe, ingawa aliijua, akaiuliza tena. Akaiandika polepole, tarakimu moja moja, wote wawili wakimtazama.