Mlango wa Kutokea

Elinipendo hakuwa mtu wa maneno. Miaka kumi na mmoja aliendesha mashine ya kudurufu katika chumba cha kamati yetu ya mitihani ya majaribio, pale Moshi mjini, na mimi Hilaria niliketi mezani mbele yake nikipiga chapa stensili, zile karatasi za nta za kudurufia. Alishuka kila asubuhi kutoka Old Moshi kwa miguu, raba zake zimejaa udongo mwekundu, akazivua mlangoni na kuvaa kandambili. Kisha akaisalimia mashine kwa kitambaa. Nilimcheka sana kwa hilo. Hakujali.

Mashine ile ilikuwa kuukuu, na mwaka 1979 kupata kipuri ilikuwa kama kutafuta sukari: unaambiwa subiri. Rola mbili za mpira zinazosukuma karatasi zilikuwa zimelika mpaka zikang'aa, kama soli ya raba iliyopanda mlima miaka kumi. Zikiteleza, karatasi inachelewa, inaingia upande, inajikunja chini ya silinda. Mvua za masika zikianza ndiyo balaa kabisa, maana karatasi inakuwa na unyevu, inashikana mbili mbili. Elinipendo alizipepeta karatasi moja moja kando kando kabla ya kuzipanga, akafuta rola kwa kitambaa chenye maji kidogo, akazikausha, na kila mwezi akabadilisha ya kushoto iwe ya kulia zilike sawa. Mafuta ya taa hakuruhusu yazikaribie rola. Alisema yanauvimbisha mpira. Mwaka mmoja karani mmoja alikuwa ameyatumia, na rola zile zilitupwa.

Haya yote alifundishwa na Gurdev, fundi Kalasinga wa taipureta mwenye duka karibu na soko. Gurdev alimwambia neno moja ambalo Elinipendo alilirudia mpaka nikalichoka: "Mama, karatasi ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Ikikwama, usiitoe kwa mlango wa kuingilia." Basi ikikwama, yeye alichomoa plagi ukutani, akashusha meza ya karatasi, akalegeza rola ya kukandamizia, akazungusha mkono wa mashine polepole kuelekea mbele, akaipokea karatasi kwa mikono miwili kule inakotokea. Ikichanika, aliviunganisha vipande mezani, maana kipande kinachobaki ndani kitaharibu kazi kesho. Vikitimia, alisema "Imetimia," kisha akaendelea.

Karani wetu mkuu alikuwa Theodory, mtu wa Kilema, mwenye haraka na sauti. Tulimwita mzee, ingawa hakuwa mzee kivile. Si mbaya, nisimsingizie, lakini mashine aliiona kama ng'ombe mkaidi: ikigoma, ivutwe.

Aprili hiyo tulikuwa tukichapa mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Karatasi zilitoka stoo kwa hesabu, na zilirudi kwa hesabu, zilizoharibika pia, ili zichomwe mbele ya mashahidi. Ikipungua hata moja, ni kosa. Na Tabitha, binti pekee wa Elinipendo, alikuwa darasa la saba.

Jumanne, saa nne, Elinipendo alikwenda stoo kusaini rimu nyingine. Mimi nilikuwa kwenye jiko la mkaa la uani nikichemsha chai. Aliporudi alikuta Theodory amesimama karibu na mashine.

"Nimekuja kuangalia tu," Theodory alisema.

Elinipendo alimaliza kazi. Tukahesabu mara tatu. Karatasi moja ilikosekana.

Theodory hakupoteza muda. Alimwandikia barua Bwana Primus, mwenyekiti wa kamati, kwamba mwendeshaji ana mtoto anayefanya mtihani huo, na karatasi imetoweka mikononi mwake. Kama ingethibitika, Elinipendo angefukuzwa, na Tabitha angezuiwa kufanya mtihani, pale pale. Nilisikia hayo, nikainamia taipureta yangu. Elinipendo alifunga mtandio wake, akasema, "Kesho nitaifungua mashine mbele yenu," akaondoka.

Asubuhi Bwana Primus alifika, maji ya mvua yakidondoka kwenye koti lake. "Shikamoo," tukasema wote. Aliketi, akatazama saa yake.

"Haya, mama. Karatasi iko wapi?"

"Itakuwa ndani, Bwana Mwenyekiti. Nafungua."

Alichomoa plagi. Akashusha meza, akalegeza rola, akatoa sinia ya chini inayopokea matone ya wino. Mkono wake ulitafuta nyuma ya silinda bila haraka. Ukatoka na kitu kilichokunjamana, cheusi kwa wino. Akakinyoosha juu ya gazeti. Ilikuwa nusu ya karatasi ya mtihani, sehemu ya mbele, ukingo wake wa nyuma umechanika vibaya.

"Nusu tu," Theodory akasema haraka. "Nusu nyingine kaichukua yeye."

"Mimi sichanii upande huu, mzee," Elinipendo akasema. Akamgeukia Bwana Primus. "Naomba ruhusa nikwamishe karatasi tupu moja."

Primus alitikisa kichwa kuruhusu, uso umechoka. Nadhani alitaka tu chai.

Elinipendo alirudisha kila kitu mahali pake, akaweka karatasi moja yenye unyevu, akaielekeza upande, akazungusha mkono. Rola zikateleza, karatasi ikaingia mshazari, ikakwama nusu ndani nusu nje. Akaacha.

"Mzee Theodory, mikono yangu ina wino. Nitolee hiyo."

Theodory akasogea. Mungu wangu, hata hakufikiri! Akaishika karatasi kwa vidole vyote, akaivuta kwake, kule ilikoingilia. *Fyaa!* Akabaki na nusu mkononi. Ukingo wake ulikuwa umechanika vile vile.

Elinipendo hakumtazama. Akashusha meza, akalegeza rola, akazungusha mkono polepole kuelekea mbele. Nusu ya mbele ikatoka kwa mlango wa kutokea. Akanyoosha mkono, Theodory akampa ile aliyoshika, kama mtoto anayempa mwalimu fimbo. Akaziunganisha mezani.

"Hii imetimia," akasema. "Ile ya jana, nusu yake iko wapi, mzee?"

Theodory alikuwa na jasho. "Niliogopa," akasema. "Nilitaka kuharakisha kidogo, ikakwama. Niliitia kwenye jiko la chai."

Bwana Primus aliichana ile barua vipande vinne, akaagiza Theodory aandike nyingine, ya kukiri. Tabitha akafanya mtihani. Hilo ndilo watu wanalolisimulia, na hapo ndipo wanapomalizia.

Lakini mimi naendelea kidogo. Walipotoka, Elinipendo aliketi kusafisha wino kucha moja moja, akaniuliza bila kuinua macho: "Hilaria, jana nani alikuwa kwenye jiko la chai?"

Nilijua anajua. Nilikuwa nimemwona Theodory akija na karatasi iliyokunjwa, akaisukuma katikati ya mkaa, na nilikuwa nimenusa wino ukiungua. Nilijiambia ni takataka. Usiku mzima nilijiambia hivyo, huku mtoto wa mwenzangu akingojea kuzuiwa mtihani kwa sababu mimi naogopa mkubwa wangu.

"Mimi," nikasema.

Alifuta kidole cha mwisho. Akaiinua ile nusu yenye wino, akaiweka mezani kwangu, juu ya taipureta yangu.

"Basi itunze wewe," akasema. "Nyingine uliipikia chai."