Jumla ya Mteja Aliyeondoka

Mwenzangu wa chuoni alikuwa na kipaji kimoja: kulaumu watu. Tuliposhuka Mikumi kutoka Kilosa, hata shikamoo hakumpa mama aliyeuza katika duka tulilokuwa tumeitwa. Alimwambia, "Tumekuja kuangalia unachokosea."

Programu ya mauzo ya duka hilo tuliitengeneza wenyewe. Sasa ilikuwa inawadai baadhi ya wateja zaidi ya walichonunua, nao walimwita yule mama mwizi. Bosi wake alishaamua Jumamosi amfukuze.

Tulijaribu asubuhi nzima. Tunaingiza bidhaa, tunabonyeza "Lipa", jumla inatoka sahihi, kila mara. Mwenzangu akafunga kompyuta yake kwa madaha. "Mfumo uko safi. Tatizo liko kwenye vidole vyake."

Nami nilimwamini, mpumbavu mimi, kwa sababu iliniondolea kazi.

"Wanangu," mama akasema, "nyie mnalipa kila mara. Kaeni kidogo mwone watu wananunuaje."

Akaingia mwanamke wa Kidodi. "Nipigie hesabu kwanza." Mchele elfu kumi na tano, mafuta elfu sita. Kioo kikaonyesha elfu ishirini na moja. Mwanamke akaguna, akasema anarudi, akaondoka. Hakuna duka ambalo hilo halitokei. Mama akabonyeza "Mteja mpya", orodha ikafutika.

Aliyefuata alitaka mche wa sabuni wa elfu mbili na mia tano na kiberiti cha mia mbili. Orodha ilikuwa na vitu viwili tu. Chini yake: 23,700.

"Mnaona?" akasema mama, na kumtajia mteja elfu mbili na mia saba alizozijumlisha kwa kichwa.

Nilifungua programu nikijua ninachokwenda kukuta. "Mteja mpya" ilifuta orodha tu. Jumla ilirudishwa sifuri ndani ya "Lipa" peke yake. Asiyelipa alimwachia deni lake mteja wa nyuma yake. Sehemu hiyo niliiandika mimi, msomi mzima, bila kufikiria kwamba mtu anaweza kuuliza bei akaenda zake. Nikaongeza mstari mmoja. Tukarudia: mtu aulize, aondoke, mwingine anunue. Ikatoka 2,700.

Bosi akaja. "Kosa lilikuwa la nani?"

"Mfumo ulizidiwa kidogo," mwenzangu akajibu bila kupepesa macho. "Tumeshaurekebisha."

Nilikuwa na jibu mdomoni. Bosi akanishikisha soda baridi, akatuita wataalamu, kisha akamgeukia mama. "Basi utaendelea na kazi. Washukuru hawa vijana, wamekuokoa."

Mama alinitazama mimi, si mwenzangu. Alikuwa amesimama nyuma yangu nilipokuwa narekebisha, na alinisikia nikijilaani.

"Asanteni, wanangu," akasema.

Nikanywa soda yote.