Andiko Nililolisoma kwa Sauti

Chumba kilikuwa juu ya duka la vitambaa, Kariakoo, na ngazi zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba anayeshuka humsubiri anayepanda. Humo, Jumapili mchana, baada ya ibada ya pili na swala ya adhuhuri, vijana wa msikiti na vijana wa kanisa walikutana kuzungumza. Mimi nilialikwa kwa sababu ninaandika hadithi. Nikawa naenda hata nilipokuwa sina cha kuandika.

Duka lilikuwa la baba yake katibu wa vijana wa msikiti, kijana mpole ambaye babu zake walitoka Uarabuni na ambaye mwenyewe hajui kwao kwingine ila Kariakoo. Mwenyekiti wa vijana wa kanisa alikuwa dada wa familia ya Kilimanjaro inayouza vyombo vya plastiki kwa jumla, mtaa wa pili. Walitaniana tangu mlangoni. Katibu alikuwa akisema Mchaga hata akipiga magoti kuomba, anaomba kwa bei ya jumla. Dada alimjibu kwamba yeye akifika peponi ataanza kwa kupima mapazia.

Lakini wakianza kuzungumza, utani ulikaa pembeni. Walikuwa na desturi yao. Hakuna aliyeruhusiwa kumjibu mwenzake kabla ya kumrudishia maneno yake, kwa namna ambayo mwenye maneno mwenyewe atakubali. Kama hakukubali, ulirudia. Niliwahi kumwona dada akirudia maneno ya katibu juu ya kufunga hadi jasho likamtoka, na katibu akitikisa kichwa, bado, bado, mpaka mwishowe akatabasamu. Na yaliyosemwa humo hayakushuka ngazi.

Ni kwa sababu ya desturi hiyo rafiki yangu mhadhiri alivutiwa. Tulifahamiana kwenye jioni za kusomeana mashairi pale mjini. Yeye alifundisha chuo kikuu na alikuwa msikilizaji mzuri kuliko wote niliowahi kuwasomea. Nilimleta chumbani mwenyewe. Aliketi chini kama wengine, akanywa juisi ya miwa, akajifunza kurudisha maneno. Baadaye akaniambia kuna wafadhili wametangaza kupokea maandiko ya kuombea fedha za utafiti kuhusu vijana na dini mijini. Akaniomba tuandike pamoja.

Maelezo ya tatizo niliyaandika mimi. Niliandika kwamba wapo watu wanaouza bega kwa bega, wanaozikana na kuoana, na bado hakuna aliyewauliza wanazungumzaje juu ya Mungu. Tatizo, niliandika, ni kwamba hatujui kinachofanya mazungumzo haya yadumu. Mhadhiri aliandika mbinu za utafiti na bajeti. Alieleza vizuri kabisa kwamba hakuna atakayenukuliwa kabla kamati ya maadili haijatoa kibali na msemaji hajaridhia. Nilijivunia kumfahamu.

Zilihitajika barua za washirika, moja ya kanisa, moja ya msikiti. Ya kanisa ilitoka upesi. Wazee wa msikiti walisita. Walisema watafiti waliwahi kuja na madodoso yao, wakauandika mtaa mzima kama mahabusu. Katibu aliwasomea rasimu yetu, akajiweka dhamana. Aliwaahidi kwamba humo hakuna kijana wa msikiti atakayeitwa hatari, na wakikuta kinyume chake, yeye ataacha ukatibu na mikutano ya chumbani itakoma. Barua ikasainiwa.

Miezi ikapita. Mhadhiri akanipigia kwa furaha. Andiko lilikuwa limeingia hatua ya mwisho, na wafadhili walitaka washirika wathibitishe kwamba wameisoma kazi na wanaikubali. Angenitumia nakala iliyowasilishwa, nami niwasomee muhtasari kwa Kiswahili Jumapili, kwa kuwa yeye alikuwa safarini. Ilinifikia kwenye simu nikiwa tayari chumbani. Sikuona haja ya kuipitia kwanza. Niliijua kazi hiyo kama ninavyoijua sauti yangu.

Nikaanza kutafsiri huku nikisoma. Kichwa cha kazi kilikuwa kilekile. Aya ya kwanza ilitaja Kariakoo, na watu wakacheka kwa kujisikia. Kisha nikawa ninasema, kwa sauti yangu mwenyewe, kwamba vijana wa misikiti ya katikati ya jiji wamo katika hatari kubwa ya kuvutwa na itikadi kali, na kwamba vijana wa makanisa watatumika kuwalainisha. Nilisikia maneno yakitoka kabla sijayaelewa. Ningenyamaza hapo. Lakini jicho lilikuwa limeshatangulia kwenye mstari uliofuata, na mdomo ukalifuata.

"Kuna siku nilitamani mji huu uungue," nikasoma. "Kijana wa kiume, msikiti, Kariakoo."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Katibu alikuwa ameyasema hayo chumbani humo, siku aliyotueleza, mhadhiri akiwepo, jinsi mdogo wake alivyodhalilishwa barabarani kwa sababu ya kofia na kanzu yake. Na alikuwa ameendelea. Alisema aliposimama dukani akiwa na hasira hiyo, mtu wa kwanza kumletea maji alikuwa baba yake dada wa kanisa. Andiko halikuwa na maji. Lilikuwa na moto tu.

Dada ndiye aliyeanza. "Kuwalainisha?" aliniuliza taratibu. "Mimi ni nini, mafuta ya nazi?"

Katibu alinigeukia.

"Hayo umeyaandika wewe?"

Nikasema hapana. Niliwaonyesha rasimu yangu kwenye simu hiyohiyo, nikiapa, nikijikwaa. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Lakini ni wewe uliyemleta."

Nilimpigia mhadhiri nikiwa bado ngazini. Hakukana. Alisema wakaguzi wa hatua ya kwanza waliandika kwamba hawaoni tatizo, akalazimika kuwapa tatizo. "Wafadhili hawatoi pesa kwa watu wanaopatana," akasema. "Na jina lake sijalitaja. Mwandishi, wewe si unafanya hivyohivyo kwenye riwaya?"

Nilikata simu. Swali hilo limekaa kwangu kama mwiba wa samaki kooni, maana aliliuliza kwa sauti ileile aliyokuwa akinisifia nayo.

Katibu hakusubiri wazee wasikie kwa wengine. Alikwenda mwenyewe, akawaeleza, akakabidhi ukatibu, na mikutano ya chumbani ikakoma. Barua ya msikiti ikaondolewa kwa maandishi. Dada akaiondoa ya kanisa wiki hiyohiyo, bila kuombwa na mtu. Nami nikawaandikia wafadhili kwamba maneno yale yalichukuliwa bila ridhaa na kabla ya kibali. Walinijibu kwa heshima kwamba wameipokea taarifa yangu. Baadaye nilisikia mradi umepata fedha, kwa washirika wengine, upande mwingine wa jiji. Kwenye jioni za mashairi mhadhiri bado huketi mbele. Mimi siku hizi siendi.

Chumba cha juu sasa kimejaa marobota ya vitambaa. Juzi nilipita dukani. Katibu wa zamani alikuwa akikata kitambaa cha mteja. Aliniitikia salamu, akaniuliza habari za nyumbani, akanikaribisha kiti. Zamani aliniita ndugu yangu. Sasa aliniita mwandishi.

Nilipokuwa nikinywa maji aliyonipa, dada aliingia na mfuko wa kashata, akanisalimu. Akamwambia mwenzake kwamba Jumapili waje mapema kidogo, kwa sababu yule mgeni wao mpya ana maswali mengi. Kisha akaniona ninasikiliza, akanyamaza. Katibu akaendelea kukata kitambaa. Niliwasubiri waniambie siku hizi wanakutana wapi. Tulizungumza juu ya joto, na juu ya bei ya khanga, mpaka nikainuka na kuaga.