Alama Ishirini za Ngumi

Ngumi alivunja meza yangu wiki ya kwanza tu ya masomo. Sisemi aliitikisa. Aliipiga mara moja kwa mkono wa kulia, ubao ukapasuka katikati, na wanafunzi wengine wakahamia ukutani. Kosa langu lilikuwa kumwambia kwamba jibu lake lilistahili sifuri.

Mimi nafundisha watu wa viwandani wanaojiandaa kwa mtihani wa maafisa wa usalama kazini. Darasa langu lipo juu ya duka la kuziba pancha, na kila tairi linapopigwa nyundo huko chini sakafu yangu inacheza. Wananiita Mama Alama, kwa sababu sigawi alama ya huruma. Nilishika kipande cha ile meza nikamwambia, "Hii utairudisha na misumari yako mwenyewe. Halafu kaa chini, tusome ulichoandika."

Alikuwa fundi wa kuchomelea katika kiwanda cha soli za ndala. Mwili mkubwa, nyusi zimeungua, na jina la Ngumi hakupewa kwa mapenzi. Swali lilikuwa la alama ishirini: eleza namna ya kuwakinga wafanyakazi dhidi ya sehemu za mashine zinazozunguka. Yeye alijaza kurasa mbili, na sentensi ya kwanza ilisema, "Msimamizi ni muuaji na siku moja nitamuua."

"Ni kweli tupu," aliniambia.

"Huenda. Lakini hakuna alama ya ukweli hapo. Maana ya kihatarishi iko wapi? Sheria iko wapi?"

Aliondoka bila kuaga. Kesho yake alirudi na misumari.

Nikamjua polepole, na nilichojua hakikunipa raha. Mdogo wake wa kiume alikuwa akiendesha mashine ya kukanda mpira: rola mbili nene za chuma zinazozunguka kuelekeana, mpira wa moto unaingia katikati na kutoka umekuwa shuka. Mbele ya kila mashine ya namna hiyo kuna fimbo ya dharura. Mtu akivutwa, anaisukuma kwa tumbo au kwa goti, mashine inasimama. Msimamizi alikuwa ameifunga fimbo ile kwa waya, maana ilikuwa ikiguswa ovyo na kazi inakatika. Siku hiyo rola zilimshika kijana vidole, zikapanda kiganja, zikapanda kigasha, na yeye anasukuma fimbo isiyosogea. Ngumi alisikia ukelele kutoka banda la kuchomelea. Alikimbia mpaka swichi kuu, akaizima. Walipozirudisha rola nyuma kwa mkono, kilichotoka hakikuwa mkono tena. Ngumi alimfunga mdogo wake kwa mkanda wa suruali yake, damu ikamlowesha mpaka kwenye viatu, kisha akaenda kumtafuta msimamizi. Alimng'oa meno ya mbele. Wakamtoa juu yake watu wazima kadhaa, na mmoja wao alivunjika pua.

Hakufukuzwa kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kutengeneza kalibu, yale maumbo ya chuma ya kufinyangia soli. Msimamizi naye hakufukuzwa, kwa sababu za kiwanda ambazo sitaki hata kuzitaja, zinanichefua. Waya ulirudishwa wiki ile ile. Na mahali pale pa mdogo wake, nyumba ikiwa haina njia nyingine, akaingia dada yao, kitinda mimba.

Hapo ndipo mtihani ulipoingia. Kisheria mwenye kiwanda alitakiwa awe na afisa wa usalama mwenye cheti, mwenye mamlaka ya kusimamisha mashine yoyote bila kumwomba mtu ruhusa. Ngumi alijiandikisha, akashindwa. Akajiandikisha tena. Mwenye kiwanda akasema wazi kwamba akishindwa safari hii, msimamizi ndiye atakayefanya mtihani na kupewa kazi ile. Yaani mtu wa waya ndiye awe mlinzi wa waya. Na dada yao amesimama pale pale, kila siku, mikono mbele ya rola.

Basi nikambana, na yeye akanibana. Tulifundishana kwa kugombana.

"Swali refu ni kama kuchomelea bomba," nilimwambia, maana lugha hiyo aliielewa. "Huanzi na tabaka la juu. Kwanza maana: kihatarishi ni kitu chochote chenye uwezo wa kudhuru. Rola ni kihatarishi. Hatari ni uwezekano wa kudhuru huko kutokea, na ukubwa wa dhara lenyewe. Ukichanganya hayo mawili, msahihishaji anajua hujui. Pili, msingi wa kisheria: nani anawajibika, kwa jambo gani. Mwajiri anatakiwa kukinga sehemu hatari za mashine. Mfanyakazi anatakiwa kutumia kinga hizo na kutozichezea."

"Namba ya kifungu siishiki."

"Usiibuni. Taja sheria na wajibu wake. Namba ya uongo inakuharibia mpaka ya kweli."

Akauma kalamu mpaka ikapasuka, wino ukamjaa mdomoni. Alitema dirishani, na fundi pancha akamtukana kutoka chini. Ngumi akatukana vilevile. Nilimshika shati kabla hajashuka.

"Tatu, mfano," niliendelea, bado nimemshika. "Mfano mmoja, wa mahali halisi, unaoonyesha nini kilishindikana. Bila matusi, bila kumtaja mtu. Nne, hatua za kudhibiti, na hizo zina mpangilio. Swali likisema taja, orodhesha. Likisema eleza, kila hatua useme inazuia nini na kwa namna gani. Na uangalie alama: usimalize kurasa kwenye maana halafu hatua za kudhibiti zikose muda."

Nyumbani dada yake ndiye aliyemsikiliza. Alipika huku akimuuliza, maana, sheria, mfano, hatua, na akiruka moja anagongewa mwiko kichwani. Ngumi alinionyesha kinundu mwenyewe, anacheka. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka.

Halafu ikaja siku ya hatua za kudhibiti. Nilimwambia aandike zake, asome kwa sauti. Akasimama, kifua mbele.

"Kwanza, mfanyakazi avae glavu imara za ngozi."

"Futa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mbili. Vifaa vya kujikinga mwilini ni vya mwisho, si vya kwanza. Unaanza na kuondoa kihatarishi kabisa kama inawezekana. Hapana? Unabadilisha kwa mashine au njia yenye hatari ndogo. Hapana? Unaweka kinga ya kihandisi: kizuizi mbele ya rola, fimbo ya dharura inayofanya kazi. Kisha utaratibu: mafunzo, ukaguzi, kufunga swichi kwa kufuli wakati wa matengenezo. Mwisho kabisa ndiyo vifaa. Nyinyi watu wa karakana wote mnaanza na glavu, kwa sababu glavu ndiyo kitu pekee mlichowahi kupewa."

"Na sababu ya pili?"

"Mbele ya rola inayozunguka, glavu nene ni maafa. Kidole kitupu huenda kikachomoka na jeraha. Glavu ya ngozi inashikwa ncha tu, inavuta mkono mzima. Ukiandika hivyo kwenye mtihani, umemuua mfanyakazi kwenye karatasi."

Uso ulimbadilika rangi. Akageukia ukuta akaupiga, akaupiga tena, plasta ikabomoka, ngozi ya vifundo ikabaki kwenye tofali. Wanafunzi walitoka mbio. Mimi sikutoka, ingawa niliogopa na sioni aibu kusema. Nilimrushia kikombe kizima cha maji usoni.

"Ni zangu," alisema alipoweza kusema. "Glavu. Asubuhi ile alilalamika mpira unamuunguza. Nikamvulia glavu zangu za kuchomelea. Nikamvalisha mwenyewe, nikamwambia, sasa uko salama, mdogo wangu."

Nilitaka kumwambia si kosa lako. Nisingekuwa nasema kweli yote, na yeye angejua. Nikamwambia, "Waya ulifungwa na msimamizi. Kinga hakuiweka mwajiri. Glavu ulimpa wewe. Vyote vitatu viko kwenye mfano wako sasa. Kaa uandike."

"Siwezi."

"Basi mwache msimamizi aandike."

Alikaa. Damu ilidondokea karatasi, na sikumpa alama ya ziada kwa hilo.

Mtihani ulipokuja, swali la mashine zinazozunguka lilikuwemo. Aliniambia tu kwamba aliandika "mfanyakazi mwenzake alimpa glavu za kuchomelea", na kwamba hapo mkono ulimfa ganzi, akahamishia kalamu mkono wa pili. Akafaulu. Alama hazikuwa za kujivunia sana, lakini zilitosha.

Mwenye kiwanda aliniita siku ya kwanza ya Ngumi kama afisa wa usalama, nione alichopata kwa ada alizonilipa. Kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu. Ngumi alivaa kofia mpya, akaenda moja kwa moja kwenye mashine ya kukanda mpira. Dada yake alikuwa pale, jasho linamtiririka, mikononi amevaa glavu za ngozi. Fimbo ya dharura ilikuwa na waya wake.

Ngumi akabonyeza kitufe. Rola zikasimama. Akaenda kwenye swichi, akaitia kufuli, ufunguo akautia mfukoni.

Msimamizi alikuja mbio. "Washa mashine hiyo, mpumbavu."

"Haiwashwi."

Msimamizi akampiga. Konde la mdomo, la wazi, mbele ya zamu nzima. Niliona mkono wa kulia wa Ngumi ukijikunja, nikajua mtu atakufa. Kofia ilianguka. Ngumi akaitazama, mate ya damu yakimchuruzika, kisha akafungua kiganja.

"Rola hizi ni kihatarishi," alisema. Sauti ilikuwa ndogo mpaka watu wakasogea. "Hatari yake ni kupoteza mkono au uhai. Sheria inamtaka mwajiri azikinge, na inamkataza yeyote kufunga fimbo hii. Mfano." Akameza damu. "Mdogo wangu alifungiwa fimbo. Na alivaa glavu za kuchomelea. Glavu ndizo zilizomvuta. Zilikuwa zangu. Nilimvalisha mimi."

Dada yake hakuwa akijua; kumkataza glavu kungemlazimu Ngumi kueleza kwa nini. Alimsogelea kaka yake, akavua glavu ya kulia, akamzaba kofi lililomgeuza shingo. Akavua ya kushoto, akampiga na upande wa pili. Ngumi hakuinua mkono. Machozi yalimtoka dada mtu, kamasi zinamtoka, anapumua kwa nguvu.

Kisha akazitupa glavu zote mbili chini ya mashine na kujifuta uso kwa kiwiko.

"Umefika kwenye mfano," alimwambia kaka yake. "Bado hatua za kudhibiti. Endelea."

Ngumi akatoa koleo mfukoni, akakata waya.