Masharti Matatu Yaliyonibeba

Mwaka ule nilitaka vitu viwili tu duniani, miche ya kahawa na binti wa mzee mmoja wa upande wa pili wa bonde. Vitu hivyo vilikuwa vimefungwa kamba moja, maana mzee alikwisha kunijibu mbele ya mshenga wangu, "Kijana anayeota kila siku simwezi. Shamba lake likipita na akapewa miche, aje tuzungumze. Lisipopita, binti yangu ana watu wengine wanaomuuliza."

Huko kwetu Umatengo, chini ya serikali ya Mwingereza, miche haikutolewa ovyo. Bwana Shamba alikuja kabla ya mvua, akakagua mambo matano: mashimo yawe yamechimbwa ipasavyo, miti ya kivuli iwe imeshika, udongo wa mteremko uwe umezuiwa kwa ngolo, yale mashimo yetu ya kunasa mvua, matandazo ya nyasi yawe tayari, na maji yawe yanafika shambani. Matano yote hakuna aliyeyaweza. Ukitimiza matatu, yoyote matatu, umepita. Ukiwa na mawili, hata yawe mazuri namna gani, utangoja mwaka mwingine.

Zamani Bwana Shamba alisema "umepita" au "hukupita", akapanda baiskeli yake akaenda. Watu walinung'unika kwamba anawapendelea wanaompikia kuku. Ndipo baraza likaamua kwamba kila hukumu isomwe hadharani, na yatajwe masharti yaliyohesabiwa. Nililishangilia sana neno hilo. Nilipiga makofi kuliko wote, nikiwaza jinsi nitakavyosifiwa.

Naomba nieleze shamba lenyewe. Ni kipande cha mteremko alichoacha baba alipofariki. Machi ile, wakati wa kufyeka nyasi za ngolo, mimi nilikuwa ziwa Nyasa. Mjomba alikuwa amekuja na usipa, dagaa wa ziwani, wa kuuza, akanisimulia habari za meli inayotia nanga Mbamba Bay, na mimi moyo ukaruka. Nilimwambia mama naenda mara moja. Niliikuta meli imekwisha kuondoka, nikaona nisirudi bila kuiona, nikaingoja mpaka nikawa nakula kwa mjomba kama mtoto wake. Kufyeka nyasi na kuzilaza ni kazi ya mwanamume kwetu; mwanamke hufuata kwa jembe, akazifunika kwa udongo, katikati akaacha shimo la kunywa maji ya mvua. Niliporudi, mteremko mzima ulikuwa umejaa mashimo ya ngolo kama sega la nyuki. Mama alinipa ugali.

Basi kiangazi nikajitia kufanya kazi. Nilichimba mashimo ya kahawa kwa mbio, maana niliota shamba la kuonekana hadi kijiji cha Namswea. Nilipopiga jembe mara chache nilihamia shimo la pili. Siku za mwisho nikakumbuka kivuli, nikakata matawi mabichi, nikayakita ardhini kwa mstari. Yalipendeza kweli!

Mama alikusanya nyasi kavu za matandazo. Maji ndiyo yaliyokuwa mbali, kwenye kijito cha juu. Wiki moja yule binti wa mzee, kwa desturi ya msichana anayeposwa, alikuja na mdogo wake kumsaidia mama kazi. Niliwaacha wanashika majembe, nikaenda kanisani kupiga kinanda cha misheni.

Jumapili iliyotangulia ukaguzi tulikuwa nje ya kanisa, mzee akaniuliza, "Shamba linasemaje?"

"Shikamoo, baba. Linasema litapita!" nikamjibu. "Kila udongo uliogeuzwa pale ni jasho langu. Wanawake waliniletea chakula tu."

Mama alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akifunga kanga yake upya.

Siku ya ukaguzi watu walimfuata Bwana Shamba toka shamba hadi shamba kama wanaokwenda arusini, mzee akiwamo. Bwana Shamba alikuwa na fimbo ya futi mbili. Aliitumbukiza katika shimo langu la kwanza, fimbo ikasimama nje zaidi ya nusu. Akajaribu la pili, la tatu. Halafu akakishika kimojawapo cha vijiti vyangu vya kivuli, akakivuta kwa vidole viwili. Kilitoka kama unyoya wa kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Watu wakacheka.

"Huu ni mti au ni kuni?" mtu akauliza.

"Ni kuni zilizosimama," mwingine akamjibu.

Nilitabasamu nao. Bado nilikuwa na matumaini, kwa maana jamaa hakusimama hapo. Alipanda juu kwenye ngolo, akazipita moja moja. Akainua matandazo, akatazama unene wake. Akaufuata mfereji wa maji uliotoka shambani hadi kijitoni, akarudi na viatu vilivyolowa. Akasimama mahali pa juu.

"Shamba hili limepita," akasema.

Niliruka! Naapa niliruka kama mbuzi.

"Limepita kwa matatu," akaendelea. "Lililohesabiwa la kwanza ni ngolo. La pili ni matandazo. La tatu ni maji. Mashimo hayakuhesabiwa, ni mafupi. Kivuli hakikuhesabiwa, hakina mizizi. Na sikiliza, kijana: aliyepita kwa manne akipoteza moja bado yumo. Wewe huna la akiba. Mfereji huu ukibomoka kabla ya siku ya miche, una mawili, na miche hupati."

Kijijini kwetu kila mtu anajua jembe la kila mtu limelala wapi. Jirani yetu, mwanamke mwenye mdomo mwepesi, ndiye aliyeanza.

"Ngolo si zilifyekwa na mama yake, huyu akiwa ziwani kungoja meli?"

"Na matandazo alibeba nani? Nilikutana na mama yake njiani, mzigo umemfunika hata macho," mwingine akadakia.

Mzee alikuwa anautazama mfereji. Alimgeukia binti yake, aliyekuwa kati ya wanawake.

"Mwanangu, ile wiki ulirudi mikono ina malengelenge. Ulikuwa unafanya nini huku?"

Binti akatazama chini. "Tulichimba mfereji, baba. Na mdogo wangu."

Mzee akahesabu kwa vidole, polepole, mbele yangu. "Ngolo, mama yake. Matandazo, mama yake. Maji, binti yangu." Akakunja kidole cha mwisho. "Nikimwondoa binti yangu, yanabaki mawili. Kumbe nimejilipia mahari mwenyewe!"

Walicheka mpaka wengine wakashikana. Mimi masikio yaliwaka moto. Nilitamani kuingia katika mojawapo ya mashimo yangu, lakini hata magoti yasingefichika.

"Baba," nikasema, "ulisema shamba likipita..."

"Limepita. Neno langu silirudishi, tutazungumza. Lakini shamba ndilo lililopita, kijana, si wewe." Akashika njia.

Mama peke yake hakucheka. Alikuja akaokota kijiti changu cha kivuli, akakipiga magotini kukung'uta udongo. "Kitafaa jikoni," akasema, si kwa kunisimanga. Hilo ndilo lililonichoma kupita kicheko chote. Nilisema, "Mama, nisamehe," naye akaniuliza kama nimekula.

Alasiri ile nilikata kijiti chenye urefu wa fimbo ya Bwana Shamba, nikarudi shimo la kwanza. Sikuota kitu. Nilichimba hadi kijiti kikazama chote, nikahamia la pili. Jua lilipoinama nilisikia jembe jingine huko juu. Binti alikuwa peke yake, anakaza kingo za mfereji ili usibomoke. Sikuthubutu kumwita. Niliinama, nikaendelea kuchimba.